Kinachoitwa jino la plastiki ni chonge linaloendelea kujengwa

Mama mmoja wa Ruhuwiko, hapa Songea, ameandika kwenye ukurasa huu kuuliza jambo ambalo wazazi wengi huulizana kwa sauti ya chini. Mtoto wake ana miezi mitano. Kwa siku nne amekuwa akiharisha na kuchemka usiku. Mama mkwe amempapasa ufizi, akakuta uvimbe mweupe kila upande wa taya la chini, akasema hayo ni meno ya plastiki na yasipotolewa mtoto hatapona. Mama anataka kujua: uvimbe ule ni nini, na ukitolewa nini kitatokea?

Jibu fupi ni kwamba ule ni jino la chonge la utoto, nalo liko mahali linapotakiwa kuwa kwa umri huo. Limejengwa nusu tu. Ukilitoa, hulitoi peke yake, kwa sababu jirani yake wa karibu sana ni chonge la ukubwani, ambalo katika mwezi huohuo ndiyo kwanza linaanza kujengwa. Jibu refu linahitaji tufuate jino tangu linapoanza, na leo tutafanya hivyo.

Jino huanza mama akiwa na mimba changa

Wazazi wengi huhesabu umri wa jino tangu siku linapochomoza. Ukweli ni kwamba siku hiyo jino lina zaidi ya mwaka mmoja. Katika wiki ya 6 hivi tangu mimba itungwe, ngozi laini ya ndani ya kinywa cha mtoto hunenepa na kufanya ukanda mwembamba unaofuata mviringo wa taya. Ufikirie kama tuta shambani. Kwenye tuta hilo, sehemu 10 katika taya la juu na 10 katika taya la chini, seli huanza kuzaana haraka na kuzama ndani kama vitone vidogo. Hayo ndiyo machipukizi ya meno 20 ya utoto. Mimba inapofika wiki ya 8 hivi, machipukizi mengi yameshaonekana, na huenda mama hajaanza hata kliniki.

Hatua hii ya kwanza, hatua ya chipukizi, ndiyo inayoamua kama jino litakuwepo au la. Chipukizi lisipoanza, au likianza kisha likasimama, jino hilo halitaonekana kamwe. Sababu kubwa hapa ni jeni anazorithi mtoto. Ndiyo maana katika koo nyingine utamkuta baba, shangazi na mtoto wote wamekosa jino lilelile. Na upande wa pili, likitokea chipukizi la ziada, mtoto ataota jino lisilo na nafasi yake, mara nyingi katikati ya meno ya mbele ya juu.

Kutoka kofia hadi kengele

Wiki moja au mbili baadaye chipukizi hubadilika sura. Sehemu yake ya chini hubonyea kwenda ndani, likawa kama kofia iliyovikwa juu ya fungu la seli nyingine zilizosongamana chini yake. Kuanzia hapa kazi zimegawanywa. Kofia yenyewe itatengeneza enameli, yaani ganda jeupe gumu la nje. Fungu lililofunikwa litatengeneza dentini, ambayo ndiyo mwili wa jino, pamoja na kiini chenye damu na mishipa ya fahamu. Mfuko unaozunguka vyote viwili utakuja kutengeneza vitu vinavyolishika jino kwenye mfupa.

Kofia huendelea kukua na kingo zake hushuka, mpaka ikafanana na kengele. Hatua ya kengele huanza karibu na wiki ya 11 ya mimba kwa meno ya utoto, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Kwanza, umbo la jino huamuliwa hapo: kama litakuwa bapa kama la mbele, lenye ncha moja kama chonge, au lenye vilima kadhaa kama gego. Mkunjo wa ndani wa kengele ndio ramani ya jino. Pili, seli zinazotazamana kwenye mkunjo huo huanza kumwaga malighafi. Zile za chini hutangulia kuweka dentini, kisha zile za juu huweka enameli juu yake. Kazi huanzia kwenye ncha ya jino na kushuka polepole kuelekea shingoni.

Wasomaji wa Songea wanafahamu ufyatuaji wa tofali, nao ni mfano mzuri hapa. Enameli inapowekwa mara ya kwanza ni kama tofali bichi: ina umbo, ila ina maji na protini nyingi, na ukiikwaruza inakwaruzika. Ugumu huja baadaye, madini yanapoingia na maji na protini zinapotolewa. Enameli iliyokomaa ina madini karibu asilimia 96 ya uzito wake, na hakuna kitu kigumu kama hiyo mwilini. Tofauti na tofali ni kwamba fundi wa enameli hana siku ya pili ya kazi. Seli zilizoitengeneza hufa na kupotea jino linapochomoza. Pakibaki shimo au doa katika hatua ya kengele, mwili hauwezi kurudi kuliziba.

Kwa hiyo wakati wa madhara ndio unaoamua aina ya kasoro. Tatizo likija wakati wa chipukizi, hesabu ya meno hupungua au kuzidi. Likija kengele inapojikunja, jino huwa dogo au lenye umbo la ajabu, kama lile jino la pili la mbele la juu ambalo kwa watu wengine hutoka jembamba kama kigingi. Likija baadaye, wakati wa kuweka na kukomaza enameli, jino huwa na umbo lake sahihi lakini lina mashimo, mistari au rangi. Wenyeji wa maeneo mengi ya Arusha na Kilimanjaro wanaijua kasoro hii ya mwisho, kwa kuwa maji ya huko yana madini ya floraidi kupita kiasi. Floraidi hiyo haipunguzi meno ya mtoto. Inaharibu ukomaaji wa enameli yake, nayo hutoka na madoa meupe au ya kahawia.

Taya la mtoto wa miezi mitano

Sasa turudi kwa mtoto wa Ruhuwiko. Ukiweza kuona ndani ya taya lake la chini, utakuta meno ya utoto yako katika hatua tofauti. Meno mawili ya katikati yameshamaliza sehemu yake ya juu, ile tunayoiita taji, na yanakaribia kuchomoza. Gego la kwanza linakaribia kumaliza taji. Chonge bado. Madini yalianza kuwekwa kwenye ncha yake karibu na mwezi wa nne wa mimba, na taji lake halitakamilika mpaka mtoto afikishe miezi 9 hivi. Kuchomoza kwake ni baadaye zaidi, kati ya miezi 16 na 23.

Chonge ni jino nene, na lipo kwenye kona ya taya ambapo mfupa wa mtoto mchanga ni mwembamba. Kwa hiyo kati ya miezi minne na minane huonekana kama kifundo kilichotokeza chini ya ufizi, juu na chini, kushoto na kulia. Ufizi ukiwa umevutwa juu yake huonekana mweupe. Kila mtoto mwenye afya ana vifundo hivyo, hata yule asiyeumwa. Tatizo ni kwamba mara nyingi hatupapasi ufizi wa mtoto mpaka siku anapougua.

Nyuma kidogo ya chonge hilo, upande wa ulimi, yupo mdogo wake. Kila jino la utoto la mbele hutoa tawi dogo kutoka kwenye ukanda uleule wa mwanzo, na tawi hilo huwa chipukizi la jino la ukubwani. Chipukizi la chonge la ukubwani lilianza mtoto akiwa bado tumboni. Akifikisha miezi minne au mitano limefika hatua ya kengele, na chembe za kwanza za madini zinawekwa kwenye ncha yake. Umbali kati ya ndugu hawa wawili ni milimita chache tu. Kwa mtu anayechokonoa taya la mtoto anayelia, umbali huo ni sawa na hakuna.

Kwa nini linaitwa plastiki

Desturi hii haiko Songea peke yake wala Tanzania peke yake. Mwaka 1969 mtaalamu wa meno kutoka Denmaki, Jens Pindborg, aliandika kuhusu watoto wa Uganda waliotolewa machonge wakiwa wachanga, na kasoro za meno alizoziona baadaye kwa watoto hao. Uganda wengine huyaita meno hayo ebinyo. Kwetu jina limekuwa meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mwaka 1997 watafiti wa Tanzania, Kikwilu na Hiza, walichapisha uchunguzi wao kuhusu waganga wa jadi wanaotoa machipukizi ya meno na wale wanaosugua dawa za mitishamba kwenye ufizi. Madaktari wa Ulaya nao wamekutana na watoto waliokosa machonge katika familia zilizohama kutoka Afrika Mashariki.

Jina plastiki halikutoka hewani. Anayetoa jino hilo humwonyesha mama kitu cheupe, chepesi, laini, kisichofanana na jino analolijua. Wengine huambiwa ni funza. Mama aliyeona kwa macho yake ana haki ya kuamini kwamba hilo si jino la kawaida. Lakini ukikumbuka hatua ya kengele, maelezo ni rahisi. Kitu kile ni taji ambalo halijamaliza kujengwa: kikofia chembamba cha dentini na enameli changa, kikiwa na kiini laini ndani na mfuko wake kuzunguka. Halina mzizi kwa sababu mzizi huanza kujengwa baada ya taji kukamilika. Jino lolote lingetolewa katika hatua hiyo, hata gego, lingeonekana la plastiki.

Na kwa nini mtoto hupona baada ya kutolewa? Tuangalie umri. Kuanzia miezi minne hadi minane kinga aliyoipata mtoto kutoka kwa mama inapungua. Uji na vyakula vingine vinaanza, wakati mwingine kabla ya miezi sita. Mtoto anaanza kuokota vitu na kuvitia mdomoni. Huo ndio wakati wa kuharisha na homa, na ndio wakati chonge linapojitokeza kwenye ufizi. Mambo haya mawili yanakutana kwa kalenda, na kukutana huko ndiko kunakofanya chonge lilaumiwe. Kuharisha kwingi huisha kwenyewe ndani ya wiki moja. Mtoto akipelekwa kwa fundi siku ya nne au ya tano, sifa ya kupona ataichukua fundi. Yule ambaye hakupona, ambaye malaria au upungufu wa maji ulimzidi nguvu, hasimuliwi kwa majirani kwa namna hiyo.

Mfano wa upande wa kushoto na wa kulia

Ili tuone madhara yanavyokuja, tuchukue mtoto wa mfano. Si mtoto fulani wa mtaani kwetu, ila yote yatakayompata yameonekana kwa watoto waliofanyiwa hivi. Ana miezi mitano, anaharisha, na machonge yake mawili ya chini yanachimbwa kwa kitu chenye ncha, pengine spoku ya baiskeli, kisu au msumari uliopashwa moto. Upande wa kushoto chipukizi linatoka zima. Upande wa kulia mtoto amejipinda, kifaa kimeteleza, linatoka nusu, na ncha ya kifaa imegusa chonge la ukubwani.

Hatari ya kwanza haina uhusiano na umbo la meno. Ni damu, ambayo mtoto aliyepungukiwa na maji hana ya kupoteza. Ni vijidudu kuingia kwenye mfupa na kwenye damu, pepopunda, na magonjwa kama virusi vya ukimwi iwapo kifaa kimetoka kwa mtoto mwingine. Kuna watoto ambao habari yao huishia hapa. Wetu anapona.

Akiwa na miezi 20, watoto wenzake wanaota machonge. Kwake upande wa kushoto una pengo, na ukipitisha kidole utahisi ufizi umebonyea. Upande wa kulia kinachomoza kitu kidogo, kama punje ya mchele iliyovunjika, chenye rangi ya njano. Hayo ni mabaki ya kengele iliyokatwa. Seli zilizobaki ziliendelea na kazi yake bila ramani, zikajenga kile zilichoweza. Gego la kwanza lililo jirani nalo linaweza kuwa na shimo upande wa mbele, mahali kifaa kilipopita.

Akiwa na miaka 7 au 8 anaota meno ya mbele ya ukubwani. Jino la pili kutoka katikati, upande wa kulia, lina doa la kahawia na kishimo ambamo chakula hunasa. Mama anadhani ni pipi. Lakini jino hilo lilianza kuwekewa madini lilipokuwa na umri wa miezi mitatu au minne tangu mtoto azaliwe, kwa hiyo lilikuwa bichi kabisa siku ile ya kuchokonolewa. Upande wa kushoto meno yanaegemea kwenye pengo, na mstari wa katikati wa meno ya chini haulingani tena na ule wa juu.

Akiwa na miaka 10 machonge ya ukubwani ya chini yanatakiwa kutoka. La kushoto halikuguswa, ni zima, lakini kazi ya chonge la utoto ilikuwa pia kumshikia mdogo wake nafasi. Nafasi imeshaliwa na majirani, kwa hiyo linatokea nje ya mstari. La kulia halionekani. Picha ya eksirei inaonyesha rundo la vijino vidogovidogo vilivyokusanyika mfupani mahali ambapo palitakiwa kuwa na chonge moja. Madaktari wa meno huuita uvimbe huu odontoma. Si saratani, ila unaziba njia, na kuuondoa kunahitaji upasuaji mdogo. Kama kengele yote ya ukubwani ingeng'olewa, picha ingeonyesha mfupa mtupu, na hapo hakuna jino la tatu la akiba.

Angalia jinsi mtoto mmoja, siku moja, mkono mmoja, alivyopata matokeo tofauti kila upande. Ndiyo sababu utamkuta mzazi anayesema wa kwangu alitolewa na meno yake ya ukubwani yakatoka vizuri. Inawezekana kabisa. Kifaa kilipita milimita mbili mbali na kengele ya pili. Aliyechimba hakuweza kujua hilo, kwa sababu hakuwa akiona anachogusa.

Namna ya kutofautisha

Baadhi ya wasomaji watauliza: mtoto wangu hana chonge na hajawahi kupelekwa popote, je? Zipo dalili za kusaidia. Hesabu meno yake akiwa na miaka mitatu. Anatakiwa kuwa na 20, yaani 10 juu na 10 chini. Jino linalokosekana kwa sababu ya kurithi kwa kawaida si chonge. Upungufu wa kurithi hupenda magego ya mwisho ya ukubwani, magego madogo ya pili, na meno ya pili ya mbele ya juu. Katika meno ya utoto upungufu wa kurithi ni nadra, na kukosa chonge la utoto peke yake ni nadra zaidi. Mtoto mwenye meno yote isipokuwa machonge, akiwa na kovu au mbonyeo kwenye ufizi, mara nyingi alitolewa, pengine kwa bibi wakati mama yupo kazini. Uliza kwa utulivu, bila kutafuta wa kulaumiwa, kwa sababu daktari anahitaji kujua umri aliokuwa nao siku hiyo.

Mtoto aliyekosa meno mengi pamoja, hasa kama nywele zake ni chache na hatoi jasho vizuri, ni jambo jingine. Hapo tatizo linaweza kuwa la ngozi tangu hatua ya chipukizi, kwa kuwa nywele, tezi za jasho na meno huanza kwa namna inayofanana. Huyo anahitaji kuonwa na daktari mapema, kwa sababu mtoto asiyetoa jasho hupata joto kali mwilini.

Kama mtoto wako alishatolewa, mpeleke kliniki ya kinywa na meno hata kama haumwi. Gego au jino la mbele lenye kishimo linaweza kuzibwa kabla halijaoza. Mabaki makali yanayokwaruza ulimi yanaweza kuondolewa. Na akiwa kati ya miaka 6 na 9, omba ushauri kuhusu picha ya eksirei, ili kama kuna uvimbe unaoziba njia uonekane kabla ya wakati wa chonge kutoka. Ukisubiri mpaka miaka 13, kazi inakuwa kubwa na nafasi inakuwa imepotea.

Kwa mama wa Ruhuwiko

Mtoto wako anahitaji kuonwa kwa ajili ya kuharisha na homa, siyo kwa ajili ya ufizi. Mpeleke kituo cha afya leo. Homa kwa mtoto wa umri huo ipimwe malaria, hata kama anaharisha, kwa kuwa moja haliondoi jingine. Endelea kumnyonyesha mara nyingi kuliko kawaida. Utapewa pakiti za ORS za kuchanganya na maji safi yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na vidonge vya zinki. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita dozi ya zinki ni miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 20, kwa siku 10 hadi 14. Wazazi wengi huacha siku ya tatu kuharisha kunapokoma. Maliza dozi.

Ukiona macho yamezama, utosi umebonyea, mkojo umepungua, kinyesi kina damu, mtoto anatapika kila kitu, amelegea hanyonyi, au amepata degedege, usingoje asubuhi.

Na kwa mama mkwe, ambaye nia yake ni kumwokoa mjukuu, usiingie naye kwenye mabishano. Mwalike apapase ufizi wa mtoto mwingine wa umri huohuo pale mtaani, aliye mzima na anacheka. Atavikuta vifundo vilevile, mahali palepale. Kisha mwombe avute subira. Mtoto akifikisha mwaka na nusu hivi, kifundo alichokiita plastiki kitaanza kutoboa ufizi kikiwa na ncha yake, na bibi ataking'ata mwenyewe kidole chake kujua kama ni jino.